Hatua ya mwanga na hatua ya giza: ukikwama, uliza mahali, usiulize kama taa inawaka

Swali lilikuwa la alama mbili tu. Mwani umewekwa kwenye chupa ya kioo, taa inawaka, hewa ukaa inapitishwa, usanisinuru unaendelea vizuri. Ghafla taa inazimwa. Je, kiasi cha PGA, molekuli ndogo yenye kaboni 3, ndani ya seli kitaongezeka, kitapungua au kitabaki vilevile?

Katika darasa langu la kidato cha sita wengi waliandika kwamba kitabaki vilevile, na sababu waliyoitoa ilikuwa na mantiki yake. PGA hutengenezwa katika hatua ya giza. Hatua ya giza haihitaji mwanga. Basi taa ikizimwa, PGA inahusika vipi? Wote hao walikosa, na si kwa uvivu wa kusoma. Jina ndilo lililowaponza.

Mwanafunzi anayepewa jaribio, grafu au sumu fulani na kuulizwa inagusa hatua ipi ya usanisinuru, kwanza hujiuliza: hapa pana mwanga au pana giza? Swali hilo ndilo linalompoteza. Linalofaa ni hili: jambo hili linatokea kwenye utando wa ndani ya kloroplasti, au kwenye majimaji yaliyouzunguka? Ukishajua mahali, mengine yanafuata yenyewe. Nitaziweka hatua hizi mbili ubavu kwa ubavu kwa kufuata mahali, halafu tulirudie lile swali la PGA.

Mahamri ndani ya mchuzi

Kloroplasti ina umbo la punje ya dengu na urefu wa mikromita 5 hivi, maana yake ukizipanga 200 kwa mstari utapata milimita 1. Imefungwa kwa tando mbili za nje. Ndani yake kuna vitu viwili vya kushika akilini. Cha kwanza ni vifuko bapa vinavyoitwa thailakoidi. Fikiria hamri lililochambuka vizuri, lina uwazi katikati, kisha limekandamizwa likawa bapa lakini uwazi wake haujaisha. Yarundike mahamri kama hayo moja juu ya jingine, upate rundo. Rundo hilo ndilo huitwa granamu, na marundo mengi ni grana. Marundo hayo yameunganishwa kwa mapande marefu ya utando yasiyorundikwa, yanayotoka rundo moja hadi jingine.

Kitu cha pili ni mchuzi unaoyazunguka mahamri hayo yote. Huo ni stroma. Si maji matupu. Ni majimaji mazito yaliyojaa vimeng'enya, pamoja na DNA ya kloroplasti yenyewe na punje za wanga.

Kwa hiyo kuna sehemu tatu za kuzitofautisha: utando wa thailakoidi (nyama ya hamri), uwazi wa ndani ya thailakoidi (pale penye hewa ndani ya hamri), na stroma (mchuzi). Hatua ya mwanga iko kwenye utando, ikitumia pande zake zote mbili. Hatua ya giza iko kwenye stroma. Wanafunzi wengi huchora grana vizuri sana halafu wakasahau ule uwazi wa ndani, na bila uwazi huo hatua ya mwanga haielezeki.

| | Hatua ya mwanga | Hatua ya giza |
|---|---|---|
| Mahali | Utando wa thailakoidi | Stroma |
| Kinachoingia | Mwanga, maji, ADP na fosfeti, NADP+ | Hewa ukaa, ATP, NADPH |
| Kinachotoka | Oksijeni, ATP, NADPH | Sukari ya kaboni 3, ADP na fosfeti, NADP+ |
| Mfanyakazi mkuu | Umbijani | Kimeng'enya cha rubisko |
| Ikipata baridi | Unasaji wa mwanga hautikisiki sana | Inapungua kasi waziwazi |

ATP ni molekuli inayobeba nishati, na NADPH hubeba elektroni; zikishatumika hubaki ADP na fosfeti, na NADP+. Angalia mstari wa pili na wa tatu. Kinachotoka upande mmoja ndicho kinachoingia upande wa pili, na kisha kinarudi. Tutalihitaji jambo hilo baadaye.

Kwenye utando

Umbijani hauelei ovyo. Umeshikwa na protini, na protini hizo zimezama ndani ya utando, zimejipanga katika makundi mawili yanayoitwa fotosistimu ya II na fotosistimu ya I. Namba hizo zilitolewa kwa kufuata ipi iligunduliwa kwanza, ndiyo maana safari ya elektroni inaanzia kwenye ya II. Usihangaike kutafuta mantiki nyingine.

Mwanga ukipiga fotosistimu ya II, elektroni inarushwa kutoka kwenye umbijani, na pengo linabaki. Pengo hilo linajazwa na elektroni iliyong'olewa kwenye maji. Molekuli 2 za maji zikipasuliwa hutoa elektroni 4, protoni 4 na molekuli 1 ya oksijeni. Kazi hiyo hufanyika upande wa ndani wa utando, ule unaotazama uwazi wa thailakoidi. Oksijeni tunayoivuta puani ilianzia humo ndani, kwenye uwazi wa hamri.

Elektroni zilizorushwa hupokezanwa kwenye utando kutoka protini moja hadi nyingine, na zinapopita, protoni zaidi husukumwa kutoka stroma kuingia kwenye uwazi. Zinafika fotosistimu ya I, zinapigwa na mwanga mara ya pili, na mwisho zinakabidhiwa kwa NADP+ nayo inakuwa NADPH. Makabidhiano hayo hufanyika upande wa nje, unaotazama stroma.

Huku nyuma protoni zimejazana ndani ya uwazi. Mwanga ukiwaka vizuri, pH ya ndani ya thailakoidi huwa karibu na 5, na ya stroma karibu na 8. Tofauti ya namba 3 za pH ni tofauti ya mara 1,000 katika wingi wa protoni. Zinataka kutoka, na utando hauzipitishi, isipokuwa kwenye mlango mmoja: kimeng'enya kinachotengeneza ATP. Protoni zinapopita humo, sehemu ya kimeng'enya hicho huzunguka kweli, kama gurudumu, na mzunguko huo ndio unaounganisha ADP na fosfeti. Kichwa chake kimechomoza kwenye stroma, hivyo ATP inazaliwa ndani ya mchuzi moja kwa moja.

Kwa sababu ya kichwa hicho kilichochomoza, kimeng'enya cha ATP hakipatikani katikati ya rundo, pale utando unapobanana na utando mwenzake. Hakitoshei hapo. Kiko kwenye mapande yasiyorundikwa na kwenye kingo za rundo, pamoja na sehemu kubwa ya fotosistimu ya I. Fotosistimu ya II nyingi ndiyo iliyojificha ndani ya rundo. Ukiulizwa hatua ya mwanga hutokea wapi ukaandika "kwenye grana", umesema kweli nusu. Andika "kwenye utando wa thailakoidi", hapo hakuna wa kukupinga.

Kwenye stroma

Huku hakuna kitu kinachonasa mwanga. Kuna vimeng'enya vinavyofanya kazi kwa mzunguko, na ni rahisi kuuelewa ukihesabu kaboni tu na kuachana na majina marefu.

Chukua molekuli 3 za hewa ukaa. Kila moja inaunganishwa na RuBP, sukari yenye kaboni 5. Mwunganishaji ni rubisko. Kwa hiyo tuna kaboni 15 za RuBP na 3 za hewa ukaa, jumla 18, nazo zinagawanyika kuwa molekuli 6 za PGA, kila moja na kaboni 3. Tafadhali zingatia: hadi hapa hakuna ATP wala NADPH iliyotumika. Rubisko haidai malipo.

Malipo yanaanza baada ya hapo. Kuzigeuza PGA 6 kuwa sukari ya kaboni 3 kunahitaji ATP 6 na NADPH 6. Sasa tuna sukari 6 za kaboni 3. Moja tu inatoka kwenye mzunguko, hiyo ndiyo faida. Tano zilizobaki zina kaboni 15, nazo zinapangwa upya ziwe RuBP 3, na upangaji huo unakula ATP nyingine 3. Jumla: ATP 9 na NADPH 6 kwa kila hewa ukaa 3. Ukitaka kaboni za kutosha glukosi moja, zidisha mara mbili: ATP 18 na NADPH 12.

Ndiyo maana kuandika kwamba mzunguko huu "unatoa glukosi" si sahihi sana. Kinachotoka ni sukari ya kaboni 3. Baadhi yake hugeuzwa wanga papo hapo ndani ya stroma, na nyingine hutoka nje ya kloroplasti na kugeuzwa sukari ya kawaida, ile ya muwa, tayari kusafirishwa kwenda mizizini na kwenye matunda.

Siku karatasi ya foili ilipotudanganya

Kuna jaribio la maabara linalotenganisha hatua hizi mbele ya macho. Unatumia rangi ya bluu inayoitwa DCPIP. Ikipokea elektroni, bluu inapotea. Unaponda majani ya spinachi kwenye maji baridi yenye sukari, unachuja, unaweka sharubati yake ya kijani kwenye testi tyubu, unatia DCPIP, unawasha taa. Elektroni zilizong'olewa kwenye maji zinadakwa na DCPIP badala ya kwenda kwa NADP+. Bluu inatoweka, inabaki kijani. Tyubu ya pili unaizungushia karatasi ya foili isipate mwanga. Hiyo inatakiwa ibaki bluu.

Mara ya kwanza tulipolifanya, ya foili nayo ilipauka. Polepole, lakini ilipauka. Kijana mmoja wa mbele akanyoosha mkono kwa furaha: "Mwalimu, hiyo si ndiyo hatua ya giza? Imefanya kazi gizani!"

Darasa likakubali. Mimi nikaona nimeingia matatani, maana jibu lake lilifuata jina la hatua neno kwa neno.

Kilichotokea ni kitu kingine kabisa. DCPIP ndiyo rangi ileile inayotumika kupima vitamini C kwenye maji ya chungwa. Majani mabichi yana vitamini C, na sisi tulikuwa tumemimina sharubati yote bila kuisafisha. Vitamini hiyo iliitoa bluu bila kujali taa wala kloroplasti.

Wiki iliyofuata tukaizungusha sharubati hiyo kwenye mashine, kijani kikazama chini, tukamwaga maji ya juu pamoja na vitamini C yake. Kisha tukakikoroga kile kijani kwenye maji baridi yasiyo na sukari. Kloroplasti zikavuta maji, zikavimba, zikapasuka, na stroma ikamwagika nje. Tukazungusha tena, tukamwaga tena. Kilichobaki kwenye tyubu kilikuwa thailakoidi tupu. Mchuzi wote ulikwisha kwenda kwenye sinki.

Tukaweka DCPIP, tukawasha taa. Kwa muda wa dakika kadhaa bluu ikatoweka. Ya foili ikabaki bluu. Ya tatu, ambayo kijani chake kilichemshwa kwanza, nayo ikabaki bluu ingawa ilikaa chini ya taa ileile, kwa kuwa protini za utando zilikuwa zimeharibiwa na moto.

Basi nikamgeukia yule kijana. Stroma tumeimwaga. Hatua ya mwanga imeendelea. Je, kwenye tyubu hii sukari imetengenezwa? Akafikiri, akasema hapana, rubisko iko kwenye sinki. Ni jibu bora kuliko lolote nililowahi kulipata kwa kuuliza swali la kukariri.

Robin Hill alionyesha jambo hili huko Cambridge mwaka 1937, akitumia chumvi ya chuma badala ya DCPIP: kloroplasti zilizotolewa nje ya seli zilitoa oksijeni bila kutengeneza sukari. Lakini jaribio lililofunga mjadala wa mahali ni la mwaka 1958, la Achim Trebst, Harry Tsujimoto na Daniel Arnon kule Berkeley. Waliziangaza kloroplasti zilizopasuliwa bila kuzipa hewa ukaa, zikakusanya ATP na NADPH. Halafu wakaondoa sehemu yote ya kijani. Kwenye majimaji yaliyobaki, gizani, wakaingiza hewa ukaa yenye kaboni 14, ile ya mnururisho. Majimaji yasiyo na kijani hata chembe, yaliyokaa gizani, yakaitengeneza sukari.

Kwa hiyo jina "hatua ya giza" lina ukweli wake. Ni ukweli wa testi tyubu ambayo mtu ameijaza ATP na NADPH mapema.

Kwenye jani mambo ni tofauti

Jani halina akiba kubwa ya ATP wala NADPH. Jua likizama, kilichopo kinakwisha baada ya muda mfupi sana na mzunguko unasimama. Ukikuta kitabu kimeandika kwamba hatua ya mwanga hufanyika mchana na hatua ya giza usiku, hilo ni kosa. Zote mbili hufanyika mchana, kwa wakati mmoja, ndani ya kloroplasti ileile.

Na si suala la malipo peke yake. Mwanga pia ndio unaowasha vimeng'enya vya stroma. Thailakoidi zinapovuta protoni ndani, stroma inabaki na protoni chache, na pH yake inapanda kutoka karibu 7 hadi karibu 8, kiwango ambacho rubisko na wenzake hufanyia kazi vizuri. Magneziamu nayo huongezeka kwenye stroma, na rubisko inaihitaji. Zaidi ya hapo, baadhi ya elektroni za hatua ya mwanga hupelekwa kwa protini ndogo iitwayo thioredoksini, ambayo hugusa vimeng'enya kadhaa vya mzunguko na kuvifungua. Usiku vinafungwa. Ni jambo la busara, kwani vinginevyo jani lingekesha likitumia nguvu kuzungusha gurudumu lisilo na faida.

Ndiyo maana walimu wengi siku hizi wanapenda kusema "mzunguko wa Calvin" badala ya hatua ya giza. Mimi nasema yote mawili, kwa sababu mtihani unaweza kuleta lolote. Lakini ukiniuliza lipi la kuliweka kichwani, ni hilo la Calvin. "Giza" lichukulie kama jina la ukoo tu: mtu anaweza kuitwa Simba na asing'ate.

Turudi kwenye PGA

Melvin Calvin na wenzake waliufuatilia mzunguko huo Berkeley kwa kutumia mwani na kaboni 14. Walikuwa wakiumwaga mwani kwenye alkoholi ya moto baada ya sekunde chache, seli zinakufa papo hapo, kisha wanatazama mnururisho umefika kwenye molekuli gani. Kaboni 14 ilionekana kwanza kwenye PGA. Calvin alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1961 kwa kazi hiyo. Kutokana na maabara hiyo tunayo majaribio mawili ambayo watungaji wa mitihani hawachoki kuyarudia.

La kwanza ni la kuzima taa. Fuata kila hatua kwa kuuliza mahali. Taa imezimwa, utando umesimama, ATP na NADPH hazitoki tena. Sasa ingia kwenye stroma. Rubisko inafanya nini? Haihitaji ATP wala NADPH, na hewa ukaa ipo, kwa hiyo inaendelea kuunganisha, RuBP zinaliwa, PGA zinazaliwa. Lakini PGA zikishazaliwa zinakwama, kwa sababu kuzigeuza sukari kunadai malipo ambayo hayapo. Zinarundikana. Na RuBP mpya haitengenezwi, kwa kuwa nayo inadai ATP. Jibu: PGA inapanda, RuBP inaporomoka.

Jaribio la pili ni kuacha taa inawaka na kuikata hewa ukaa. Calvin na Alexander Wilson waliishusha ghafla kutoka asilimia 1 hadi asilimia 0.003. Utando haujaguswa, ATP na NADPH zipo tele. Stroma inazigeuza PGA zilizopo kuwa sukari, na sukari kuwa RuBP. RuBP inafika kwa rubisko, haikuti hewa ukaa ya kutosha kuunganishwa nayo. Inarundikana yenyewe. Jibu ni kinyume cha lile la kwanza: RuBP inapanda, PGA inashuka.

Ukipewa grafu bila maelezo, tazama mstari upi umepanda. Umepanda wa PGA, basi utando umekosa mwanga. Umepanda wa RuBP, basi stroma imekosa hewa ukaa. Ukiambiwa mmea umepuliziwa diuroni, dawa ya magugu inayozuia elektroni zisitoke kwenye fotosistimu ya II, jibu lako ni lilelile la kuzima taa, hata kama jua ni la saa sita mchana. Utando umefungwa, jua halina pa kushikia.

Mapovu na ayodini

Shuleni kuna vipimo viwili vya usanisinuru, na wanafunzi huvichanganya. Kimoja ni kuhesabu mapovu yanayotoka kwenye mmea wa majini. Kingine ni kulichemsha jani, kulitoa kijani kwa alkoholi ya moto, na kulidondoshea ayodini uone kama litageuka bluu nyeusi. Mapovu ni oksijeni, yaani utando. Wanga ni stroma. Mpaka hapo ni rahisi.

Utata unakuja pale unapotia baking'i soda kidogo kwenye maji ya ule mmea. Soda hiyo huongeza hewa ukaa, na mapovu yanaongezeka. Mwanafunzi makini anauliza: hewa ukaa hutumika kwenye stroma, oksijeni hutoka kwenye utando, sasa kwa nini mapovu yanaongezeka? Swali zuri mno. Jibu liko kwenye ule mstari wa tatu wa jedwali. Stroma ikipata hewa ukaa zaidi, inatumia NADPH haraka zaidi na kurudisha NADP+ nyingi zaidi. Utando unapata pa kukabidhi elektroni zake, maji yanapasuliwa kwa kasi, mapovu yanaongezeka. NADP+ isiporudi, elektroni zinakosa mahali pa kwenda na foleni inarudi nyuma hadi kwenye maji. Kwa hiyo idadi ya mapovu inakuonyesha mwendo wa hatua zote mbili zikiwa zimefungamana. Haikuambii ipi ndiyo inayochelewesha.

Ili kujua ipi inachelewesha, cheza na joto. Frederick Blackman alilieleza jambo hili mwaka 1905. Kama mwanga ni hafifu, kuyapasha maji kutoka nyuzi 15 hadi 25 hakubadilishi mapovu sana, kwa maana tatizo liko kwenye unasaji wa mwanga, na unasaji haujali joto. Kama mwanga ni mkali, kuyapasha vilevile kunaongeza mapovu waziwazi, kwa maana tatizo limehamia kwenye vimeng'enya vya stroma, na hivyo hupenda joto, almradi lisizidi.

Mkonge na mahindi

Mifano miwili huwatega hata walioshika yote haya. Wa kwanza ni mkonge, na nanasi pia. Mimea hii hufungua matundu ya majani usiku ili isipoteze maji, na huivuta hewa ukaa gizani. Hapo wanafunzi wangu wa Tanga, ambao wameuona mkonge tangu utotoni, huandika kwa uhakika kwamba mkonge hufanya hatua ya giza usiku. Haufanyi. Usiku unaiweka tu hewa ukaa ghalani, katika umbo la asidi ya maliki, ndani ya kiputo kikubwa cha seli, nje kabisa ya kloroplasti. Asubuhi matundu yanafungwa, asidi inavunjwa, hewa ukaa inaachiliwa, na ndipo rubisko inaanza kazi kwenye stroma huku jua likiwaka.

Wa pili ni mahindi, na hapa ule ulinganisho wa mahali unapanuka kidogo. Mahindi, mtama na muwa vina aina mbili za kloroplasti katika seli mbili tofauti. Seli za katikati ya jani zina kloroplasti zenye grana nzuri lakini hazina rubisko. Seli zilizouzunguka mshipa wa jani zina rubisko, lakini kloroplasti zake karibu hazina grana: mchuzi mwingi, marundo hakuna. Kwa kuwa fotosistimu ya II hukaa zaidi ndani ya rundo, seli hizo za mshipani hutoa oksijeni kidogo sana, na hilo linaifaa rubisko, ambayo ikikuta oksijeni nyingi huikamata kimakosa badala ya hewa ukaa. Ukipewa picha ya hadubini ya kloroplasti yenye utando mrefu usiorundikwa na punje kubwa za wanga, ukaulizwa imetoka seli gani ya jani la hindi, huhitaji kujua mwanga ulikuwaje siku hiyo. Tafuta marundo, ukiyakosa, uko kando ya mshipa.